Niliuza Masega

Kazi yangu ni kuwaagizia watu magari ya mtumba kutoka Japani. Ofisi yangu iko Dar es Salaam, na wateja wengi huletwa na wateja waliotangulia. Kosa ninalotaka kulieleza halikutokea siku moja. Kwa miaka kadhaa niliwashauri wateja wangu watoe masega kwenye magari niliyowaletea mimi mwenyewe. Fundi alikuwa akikata bomba la moshi, anatoa lile kopo la bati lenye masega ndani, anachomelea bomba tupu mahali pake, kisha mnunuzi anakuja kulichukua kopo. Mwenye gari alipata fedha yake, fundi yake, na mimi niliyewakutanisha nilipata yangu. Watu hawa hawa nilikuwa nimewauzia gari kwa maneno kwamba ni la kisasa na halichafui hewa kama yale makuukuu.

Sikuwa mjinga kabisa wa mambo haya, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa najua kusoma ngazi ya uchafuzi ya gari la Kijapani kuliko mawakala wengi niliokuwa nikishindana nao. Wateja huuliza, "Hili ni Euro ngapi?" Swali linaeleweka, kwa sababu ngazi za Ulaya ndizo zinazotajwa sana: Euro 1 ilianza 1992, na kila baada ya miaka michache ikaja nyingine kali zaidi hadi Euro 6 mwaka 2014. Lakini gari lililotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani halikupimwa kwa Euro. Lilipimwa kwa sheria za Japani, na sheria hizo zimeandikwa kwenye gari lenyewe. Fungua boneti, tafuta kibati cha mtengenezaji, usome jina la modeli. Kabla ya kistari kuna herufi moja, mbili au tatu. Herufi hizo pia huandikwa kwenye cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuzijua kabla gari halijapanda meli.

Herufi E peke yake, kama kwenye E-AE110, ambayo ni Corolla ya katikati ya miaka ya 1990, inamaanisha gari liliidhinishwa kwa kiwango cha mwaka 1978. Herufi GF ni za kiwango cha mwishoni mwa miaka ya 1990. Zikiwa tatu, kama ABA, CBA au DBA, gari ni la kiwango cha 2005, na herufi ya kwanza inaeleza zaidi: A limefikia kiwango tu, C limekwenda nusu chini yake, D limekwenda robo tatu chini yake. Gari la D lilipewa pia stika ya nyota nne, ile ambayo wengi mnaiona kwenye kioo cha nyuma na kuiacha kwa sababu inapendeza. Hapo tahadhari: nyota za miaka ya mwanzo ya 2000 zilihesabiwa kwa kiwango cha 2000, kwa hiyo nyota tatu za gari la 2002 na nyota tatu za gari la 2007 si kitu kimoja. Amini herufi kuliko nyota.

Tofauti ya herufi hizo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nichukue gesi moja tu, oksidi za naitrojeni, ambazo zikikutana na mvuke wa petroli usioungua na jua kama la kwetu hutengeneza ozoni karibu na ardhi, ile inayowasha koo na kifua. Kiwango cha 1978 kiliruhusu wastani wa gramu 0.25 kwa kila kilomita. Kiwango cha 2005 kiliruhusu gramu 0.05. Gari la DBA lililokwenda robo tatu chini ya hapo linabaki na kama gramu 0.0125. Namna ya kuyapima magari ilibadilika kati ya miaka hiyo, kwa hiyo namba hizi hazilingani kwa unyoofu wa rula, na njiani gari hutoa zaidi ya lilivyotoa maabara. Hata hivyo, umbali kati ya E na DBA ni mara 20. Kwa dizeli za Ulaya hadithi ni hiyo hiyo upande wa masizi: Euro 1 iliruhusu gramu 0.14 kwa kilomita, Euro 5 ikashusha hadi 0.005.

Hayo yote niliyajua, na niliyatumia kuuza. Mteja akisitasita kati ya Corolla ya 1997 na Vitz ya 2008, nilimfungulia boneti ya Vitz, nikamwonyesha DBA-SCP90, nikamwambia mjini hakuna atakayekohoa kwa ajili yake. Baada ya miezi anarudi, gari limekuwa zito, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na fundi amemwambia masega yameziba. Nami namjibu, "Yatoe, bosi. Huku kwetu hayana kazi. Utapata na hela ya matairi."

Sikujiuliza herufi zile zilikuwa zinaelezea nini hasa. Niliziona kama sifa ya injini, kitu kilichoumbwa ndani ya chuma, ambacho huwezi kukitoa kwa msumeno.

Ukweli ni kwamba injini ya Vitz ya 2008 ikichoma petroli haitoi hewa safi. Moto ndani ya silinda ni mkali kiasi kwamba naitrojeni ya hewa ya kawaida inaungana na oksijeni. Hilo ni jambo la joto, na joto halijui mwaka wa gari. Kabla moshi haujafika kwenye masega, injini ndogo ya petroli inaweza kuwa inatoa karibu gramu nzima ya oksidi za naitrojeni kwa kilomita. Kinachoishusha gramu hiyo hadi sehemu ya mia ni lile kopo. Ndani yake kuna kauri yenye vitundu vyembamba maelfu, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapita humo, na metali hizo, bila zenyewe kuliwa, zinavunja oksidi za naitrojeni kurudi kuwa naitrojeni, na kuunguza monoksidi ya kaboni na mabaki ya petroli. Kazi zote hizo zinafanyika pamoja ikiwa tu injini inapewa hewa na petroli kwa uwiano wa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Uwiano huo unalindwa na sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega: inaonja moshi, inaiambia kompyuta ya gari iongeze au ipunguze petroli, mara nyingi kwa dakika, muda wote unaoendesha.

Kwa hiyo maendeleo mengi kutoka herufi E hadi DBA ni maendeleo ya kopo na sensa. Masega yaliwekwa karibu zaidi na injini ili yapate moto haraka, maana chini ya nyuzi kama 250 za selsiasi hayafanyi kazi ya maana. Kompyuta ikawa sahihi zaidi. Sensa ya pili ikawekwa nyuma ya masega kuyachunguza. Ukitoa kopo, umeirudisha Vitz yako kwenye moshi wa injini tupu.

Siku niliyoshtuka nilikuwa gereji kwa rafiki yangu, fundi ambaye alikuwa amenunua mashine ya kupima moshi, ile unayochomeka mpira wake kwenye bomba na kusoma namba kwenye kioo. Alikuwa anaijaribu kwa kila gari lililoingia uani, kama mtoto na filimbi mpya. Pale palikuwa na Corolla ya mzee mmoja mstaafu, E-AE110, na palikuwa na Vitz ya mteja wangu, mwalimu wa sekondari, DBA, ambayo mimi ndiye niliyeshauri itolewe masega. Tukazipima zote mbili zikiwa zimepata moto. Monoksidi ya kaboni ya Corolla ilikuwa chini ya asilimia 0.3. Ya Vitz ilikaribia asilimia moja. Petroli isiyoungua kwenye moshi wa Vitz ilikuwa imeizidi ya Corolla mara kadhaa.

Nilisema mashine ni mbovu. Fundi akarudia. Nikasema basi Corolla imetengenezwa injini upya. Mzee akatikisa kichwa: hajawahi kuifungua zaidi ya kubadilisha plagi na oili. Aliileta nchini mwaka 2008, na hilo lilikuwa la maana kuliko alivyojua, kwa sababu petroli yenye risasi ilikwisha kuondolewa Afrika kusini mwa Sahara ilipofika Januari 2006. Risasi huyapaka masega sumu, tangi chache tu zinatosha kuyaua. Nadhani imani ya mafundi wetu kwamba masega "huku hayafai" ilizaliwa wakati ule, na wakati ule walikuwa na haki. Corolla ya mzee ilikuja baada ya balaa hilo, ikaendeshwa taratibu, na hakuna aliyeigusa chini.

Mashine ile haikupima oksidi za naitrojeni. Nyingi za gereji hazipimi. Kwa hiyo jioni nilikaa na kalamu. Tuseme kila gari linakwenda kilomita 12,000 kwa mwaka. Corolla ikiwa kwenye kikomo cha kiwango chake inatoa kilo 3. Vitz yenye masega mazima inatoa kama gramu 150. Vitz ya mwalimu, kama injini yake inatoa ile gramu moja kwa kilomita, inatoa kilo 12. Yaani gari nililolisifu kuwa safi lilikuwa limegeuka Corolla nne za zamani, au Vitz 80 za aina yake ambazo hazijaguswa. Punguza hesabu yangu nusu ukitaka, kwa kuwa namba ya injini tupu hubadilika na mwendo na mzigo. Aibu yangu haipungui nusu.

Na hakukuwa na moshi wa kuonekana. Hilo ndilo lililonidanganya mimi, na bado linawadanganya wateja. Tumezoea kuona basi la dizeli likifuka jeusi na kusema lile ndilo linalochafua. Gesi hizi nyingi hazina rangi. Vitz ya mwalimu ilikuwa inatoa hewa ambayo macho yangeiita safi; pua tu, ukisimama nyuma yake kwenye foleni, ingesikia ukali wa petroli mbichi.

Kilichonifedhehesha zaidi ni kugundua kwamba masega ya mwalimu hayakuwa na kosa lolote la asili. Yaliharibiwa na ugonjwa wa mbele yake. Koili moja ya kuwashia ilikuwa imechoka na gari lilikuwa linamisi. Silinda inayomisi humwaga petroli mbichi kwenye bomba, petroli hiyo inaungulia ndani ya masega, joto linapanda hadi kauri inayeyuka na kuziba njia. Gari linakuwa zito. Fundi anayeona uzito tu atasema masega yameziba, na kweli yameziba, lakini ukiweka mapya bila kubadilisha koili yatayeyuka tena. Ugonjwa mwingine wa kawaida ni injini inayokula oili kwa ringi zilizokwisha: fosforasi iliyomo kwenye oili inajipaka juu ya zile metali na kuzifunika. Hapo gari linaweza lisiwe zito kabisa, ila masega yamekufa kimyakimya.

Ndiyo maana nasema mwaka wa gari ni mwanzo tu wa habari. Kiwango cha Japani kilimtaka mtengenezaji ahakikishe vifaa vinadumu kilomita 80,000. Magari mengi ninayoyaleta yanashuka bandarini yakiwa na zaidi ya hapo. Wateja wangu wanaangalia kilomita kwenye karatasi ya mnada wakifikiria injini na suspensheni. Mimi pia niliangalia hivyo. Hatukufikiria kwamba sensa ya oksijeni nayo huzeeka, ikawa inajibu polepole, kompyuta ikamimina petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, na masega yakachoka kuunguza ziada hiyo. Gari la zamani lina mizigo miwili: lilizaliwa likiruhusiwa kuchafua zaidi, kisha vile vilivyolizuia vimezeeka. Tukaongeza wa tatu kwa msumeno.

Serikali za kwetu zinajaribu kuushika mzigo wa kwanza kwa kutumia umri. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania haikatazi, ila gari dogo la abiria lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru, na likizidi 10 linaongezewa zaidi. Umri ni rahisi kukagua, uko kwenye karatasi, na kwa ujumla gari la karibuni lina ngazi bora. Siupingi. Lakini umri haumwoni fundi aliye chini ya gari na grainda, wala haumwoni wakala aliye kando na simu mkononi akiulizia bei ya masega.

Mtu ataniuliza, kompyuta ya gari haikugundua? Iligundua. Sensa ya nyuma ipo kwa kazi hiyo. Masega yakiwa hai, sensa ya mbele inapanda na kushuka haraka huku ya nyuma imetulia. Yakifa au yakitolewa, ya nyuma nayo inaanza kucheza kama ya mbele, na kompyuta inawasha taa na kuandika P0420. Nasi tulikuwa na dawa yake. Fundi anachonga kibushi, anakifunga kati ya sensa ya nyuma na bomba, sensa inakaa mbali na mkondo wa moshi, inatulia, taa inazima. Nilikilipia kibushi cha mwalimu kutoka mfukoni mwangu, nikimwona kama namfanyia hisani mteja mzuri. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia taa haiwaki. Lala chini ya gari. Kama kati ya injini na sailensa kuna bomba la unene uleule mwanzo hadi mwisho, lenye weldi mbili mbichi, huhitaji mashine. Kwenye magari ambayo kopo limefungwa juu kabisa, karibu na kichwa cha injini, mafundi huliacha kopo na kuyatoboa masega ndani kwa nondo. Hilo kwa macho hulioni. Ukiligonga taratibu likalia kama debe tupu, shaka. Kipimo kinachokata maneno ni cha moshi: gari la petroli lenye masega mazima, likiwa limepata moto, halipaswi kuvuka asilimia 0.5 ya monoksidi ya kaboni likinguruma bila kwenda, na mengi mazima hayafiki hata 0.1.

Nilimpigia mwalimu. Nilijiandaa kwa maneno mengi, nikajikuta nimeyasema vibaya, nikianza na koili na kuishia na rodiamu. Akanisikiliza.

"Sasa kaka, gari lina shida gani?"

"Gari halina shida. Linawapa shida wengine."

"Mafuta linakula zaidi?"

Nikamwambia hapana, si kwa kiasi atakachokiona. Na hapo nikajua nimekosa hoja ya kumvuta. Masega mapya ya kiwanda kwa gari kama lile yana bei ambayo mwalimu hawezi kuisikia mara mbili. Yapo ya bei nafuu yanayouzwa madukani, lakini yana metali kidogo sana. Nimeona yakipitisha kipimo wiki ya kwanza na kushindwa kabla ya mwaka. Yapo ya mtumba yaliyotolewa kwenye magari yaliyogongwa, na hayo ndiyo ninayoyatafuta sasa, nikiyapima kwenye gari la rafiki yangu kabla ya kumfungia mtu. Nimeweza kuyarudisha kwenye magari machache, nikilipa sehemu kubwa mimi mwenyewe. Mengi yamekwisha kuuzwa kwa watu nisiowajua, na mengine wenyewe wamekataa.

Kwa magari mapya ninayoyaagiza nimebadilisha utaratibu. Naandika herufi za kiwango kwenye ankara, pembeni ya mwaka na kilomita. Gari likitoka bandarini, kabla ya kumkabidhi mtu, tunalipima moshi na kulipiga picha chini, na karatasi ya kipimo inakwenda na kadi ya gari. Taa ya injini ikiwaka baadaye, namwambia mteja aanze na plagi, koili na sensa ya mbele. Masega yakiwa yameziba kweli, fundi anaweza kulithibitisha kwa kufungua sensa ya mbele na kuchomeka geji ya shinikizo pale. Mshale ukipanda sana injini inapozungushwa kasi, hapo njia imeziba. Bila geji hiyo, neno "yameziba" ni kisio.

Nimepoteza wateja kadhaa kwa sababu ya utaratibu huu, hasa wanaokuja na bei ya masega tayari kichwani. Wiki iliyopita mmoja aliniambia mawakala wengine wanamtolea bila maswali, kwa nini mimi nimekuwa mchungaji. Sikuwa na jibu zuri, maana mwaka wa juzi ningemtolea.

Mwalimu nilimwahidi kwamba nitalipa nusu ya masega ya mtumba akikubali. Alifikiri kidogo, akauliza kama ninaweza kumpa nusu hiyo taslimu, kwa kuwa matairi ya mbele yamekwisha.